Jinsi ya kutunga swali la mtihani wa kitabu wazi lisilojibika kwa kudesa

Walimu wenzangu wa vyuo na sekondari huku Mtwara na Lindi huniuliza maswali yale yale. Nikiruhusu notisi na simu ndani ya chumba cha mtihani, si wote watapata alama za juu? Nitamjuaje aliyeelewa na aliyenakili? Nitunge maswali magumu zaidi? Nayajibu yote hapa kwa kutunga swali moja mbele yako, kuanzia swali la zamani hadi mwongozo wa kusahihisha.

Mada niliyochagua ni stakabadhi ghalani, yaani mfumo ambao mkulima hupeleka mazao ghalani, hupewa stakabadhi, na mazao huuzwa kwa mnada. Iko kwenye somo la masoko ya mazao. Nimeichagua kwa sababu majibu yake yamejaa kila mahali: kwenye notisi, kwenye madesa ya miaka iliyopita na mtandaoni. Kama somo lako ni jingine, fuata hatua hizi hizi kwa kisa chako.

Angalizo moja kwanza. Haya ni kwa majaribio, kazi za darasani na mitihani ya ndani ya chuo. Mitihani ya taifa ya NECTA hufanywa bila vitabu, kwa hiyo kama una kidato cha nne, wape na mazoezi ya kawaida pia.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Notisi zote ulizowapa wanafunzi, pamoja na madesa yanayozunguka hata kama hukuyaandika wewe.
- Simu yenye bando. Lazima utafute majibu kama mwanafunzi atakavyotafuta.
- Swali la zamani la mada hiyo.
- Kikokotoo.
- Mwalimu mwenzako asiyefundisha somo lako, akupe nusu saa yake.

Tenga mchana mzima kwa swali moja la alama 20. Ukitaka kumaliza haraka utarudi kwenye "eleza faida tano", na hapo kitabu wazi hakina maana.

Hatua ya 1: Lisome swali la zamani kwa macho ya mtu anayetaka kudesa

Swali letu la zamani ni hili: "Eleza faida tano za mfumo wa stakabadhi ghalani kwa mkulima wa korosho."

Jiulize jambo moja tu: jibu lake liko wapi? Kama liko lote mahali pamoja, iwe ukurasa mmoja wa daftari au tovuti ya kwanza inayotokea, swali hilo limekufa. Hili liko mahali pamoja. Mwanafunzi atafungua daftari, atahamisha hoja tano, na wewe utasahihisha mwandiko wako mwenyewe.

Wengi hukosea hapa kwa kubadilisha kitenzi tu. Wanafuta "eleza" wanaandika "jadili" au "chambua", wakiamini swali limepanda ngazi. Halijapanda. Mwanafunzi ataandika hoja zile zile tano na kuongeza "hata hivyo" katikati. Kosa la pili ni kuuliza kitu adimu, kama mwaka fulani au kifungu fulani cha sheria. Swali la namna hiyo ni gumu kwa asiye na kitabu, lakini mwenye kitabu analijibu kabla hujamaliza kuzunguka darasa.

Hatua ya 2: Tafuta uamuzi ndani ya mada

Acha kufikiria mada, fikiria mtu. Ndani ya stakabadhi ghalani, nani huwa anaumiza kichwa, na kwa lipi? Karani anaamua kama mzigo huu ni daraja la kwanza au la pili. Bodi ya chama cha msingi cha ushirika inaamua lini isafirishe kwenda ghala kuu. Na wakulima, siku ya mnada, wanaamua wakubali bei iliyotajwa au waikatae wasubiri mnada ujao.

Uamuzi huo wa mwisho ndio mzito kuliko yote. Mwaka 2018 wakulima wa kusini walizikataa bei za mnada, na mwezi Novemba serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Lakini usilitumie tukio lenyewe kwenye swali. Limeandikwa sana, na mwisho wake unajulikana, kwa hiyo mwanafunzi atanakili kilichotokea badala ya kuamua. Chukua aina ya uamuzi, tukio liache.

Andika uamuzi huo kwa sentensi moja na uubandike juu ya karatasi yako: "Mwanafunzi ataamua kama wanachama wakubali bei ya leo au wasubiri." Kila utakachoandika baada ya hapo kiuhudumie uamuzi huo. Kisichouhudumia, kikate.

Hatua ya 3: Tunga kisa chenye data zako mwenyewe

Hapa ndipo swali linapopata kinga yake. Mtandao hauna data ulizozitunga jana usiku. Tunga chama ambacho hakipo, kipe namba zinazoaminika, na ukiite kwa herufi tu ili mwanafunzi asihangaike kukitafuta. Kisa chetu hiki hapa:

> Chama cha Msingi K kina kilo 60,000 za korosho daraja la kwanza kwenye ghala kuu. Leo ni mnada wa tatu wa msimu. Wanachama wamekusanyika na wanatakiwa kukubali au kukataa bei ya juu iliyotajwa. Wakikataa, watasubiri mnada ujao baada ya wiki mbili.

| Jambo | Taarifa |
|---|---|
| Bei ya juu, mnada wa kwanza | Sh 2,240 kwa kilo |
| Bei ya juu, mnada wa pili | Sh 2,150 kwa kilo |
| Bei ya juu, mnada wa leo | Sh 2,050 kwa kilo |
| Gharama ya ghala, hukatwa kwenye malipo ya wakulima | Sh 10 kwa kilo kwa wiki |
| Uzito unaopotea korosho zikikaa wiki mbili | asilimia 1 |
| Meli za kubeba korosho zinazotarajiwa Bandari ya Mtwara ndani ya siku 10 | 2 |
| Wanachama wanaosema malipo yakichelewa watauza korosho zilizobaki nyumbani kwa kangomba | 38 kati ya 112 |

Chini ya jedwali nimeongeza sentensi moja: "Kangomba ni ununuzi holela unaofanyika nje ya mfumo, mara nyingi kwa bei ya chini." Mtoto wa Newala haihitaji sentensi hiyo. Lakini darasani kwako kuna aliyetoka Kagera au Singida, naye asikose alama kwa sababu ya mahali alipozaliwa. Kila neno la kienyeji ambalo si sehemu ya somo, lieleze ndani ya kisa.

Jedwali lisizidi mistari saba au minane. Nimeona visa vya kurasa tatu ambamo mwanafunzi anamaliza muda akisoma, na anayefaulu ni yule anayesoma haraka. Hukukusudia kupima kasi ya kusoma.

Hatua ya 4: Fanya notisi na kisa vipingane

Kati ya hatua zote, walimu huiruka zaidi hii, na ndiyo inayotenganisha aliyeelewa na aliyekariri. Rudi kwenye notisi zako, tafuta sentensi wanayoiamini bila kuihoji. Kwenye mada hii ni hii: "Stakabadhi ghalani humwezesha mkulima kusubiri hadi bei ipande."

Sasa angalia kisa. Bei imeshuka kwa shilingi 90, kisha ikashuka tena kwa 100. Ghala linakula pesa kila wiki na uzito unapotea. Kusubiri kunagharimu, jambo ambalo notisi hazikulisema. Anayehamisha sentensi ya notisi ilivyo atawashauri wakulima wasubiri, na hataona hasara iliyo kwenye jedwali lililo mbele yake.

Usiishie hapo. Ukiufanya mgongano uwe wa upande mmoja, kila mtu ataona jibu ni "uzeni leo" na swali litakuwa jepesi. Ndiyo maana nimeweka meli mbili. Mnunuzi mwenye nafasi melini anaweza kupandisha bei ili aijaze. Anaweza pia kuwa ameshanunua mzigo wake wote na hahitaji kilo hata moja. Taarifa hiyo inavuta pande zote mbili, na mwanafunzi lazima aipime mwenyewe.

Hatua ya 5: Andika vipengele, na kila kimoja kihitaji jedwali

Vipengele vyetu ni vinne, jumla alama 20:

(a) Kokotoa bei ya chini kabisa ambayo mnada ujao unapaswa kufikia ili wakulima wasipate hasara kwa kusubiri. Onyesha njia. (alama 4)

(b) Washauri wanachama wakubali au wakatae bei ya leo. Tumia taarifa mbili za jedwali zinazounga mkono ushauri wako na moja inayoupinga, kisha eleza kwa nini ile inayopinga haitoshi kukubadili mawazo. (alama 7)

(c) Kabla ya kupiga kura unaruhusiwa kuuliza swali moja tu kwa mtu mmoja. Utamuuliza nani, na nini? Onyesha jinsi jibu la aina moja litakavyouacha ushauri wako ulivyo, na jibu la aina nyingine litakavyoubadilisha. (alama 5)

(d) Notisi zinasema: "Stakabadhi ghalani humwezesha mkulima kusubiri hadi bei ipande." Andika upya sentensi hiyo iwe kweli kwa Chama K, na utetee kila neno uliloongeza. (alama 4)

Kwenye (d) sentensi ya notisi nimeiandika mimi mwenyewe ndani ya swali. Nimefanya hivyo makusudi ili anayeinakili asinipe kitu ambacho sijampa.

Usiandike "toa maoni yako" peke yake. Maoni ni bure, kila mwanafunzi anayo, na huwezi kuyakata alama kwa haki. Taka ushauri uliofungwa kwenye taarifa anazoweza kuzionyesha kwa kidole.

Hatua ya 6: Andika mwongozo wa kusahihisha kabla ya mtihani

Anza na hesabu, kwa sababu usipoifanya mapema utagundua kosa lako ukiwa na karatasi tisini mezani.

Wakiuza leo: 60,000 × 2,050 = Sh 123,000,000.
Gharama ya ghala ya wiki mbili: 60,000 × 20 = Sh 1,200,000.
Uzito utakaobaki: kilo 59,400.
Bei inayotakiwa: 124,200,000 ÷ 59,400 = karibu Sh 2,091.

Kwa hiyo bei inatakiwa ipande kwa shilingi 41 hivi ndipo wawe palepale walipo leo. Hapo (b) inapata uzito: shilingi 41 si nyingi ukilinganisha na mnada wa pili, lakini bei ya msimu huu haijawahi kupanda. Anayeshauri kuuza anaweza kupata alama zote 7, na anayeshauri kusubiri vilevile, alimradi ametumia jedwali. Liandike hilo wazi kwenye mwongozo, hasa kama mnasahihisha wawili.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: andika jibu la mdesaji, kamili na kwa mwandiko mzuri. "Mfumo wa stakabadhi ghalani humsaidia mkulima kuhifadhi mazao, huondoa walanguzi, humpa uwezo wa kujadiliana bei, humwezesha kupata mkopo." Lisahihishe kwa mwongozo wako mwenyewe. Kwenye swali letu linapata sifuri, maana hakuna kipengele kinachoomba faida. Likipata zaidi ya robo ya alama, kuna mahali umeweka alama za maana ya neno au za utangulizi. Ziondoe.

Kwenye (c), gawanya alama hivi: 1 kwa mtu sahihi, 2 kwa tawi la kwanza la jibu, 2 kwa tawi la pili. Mfano mzuri: anamuuliza wakala wa meli kama nafasi zimeshajaa. Zikiwa zimejaa, wauze leo. Zikiwa wazi, wanunuzi bado wana njaa ya mzigo na kusubiri kuna maana. Anayeuliza "Je, bei itapanda?" apewe sifuri, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kumjibu.

Hatua ya 7: Lijaribu swali

Jaribio la kwanza ni la simu. Chukua kila kipengele, kiandike kama kilivyo kwenye kisanduku cha kutafutia, usome kurasa zitakazotokea kwa dakika kumi. Ukipata jinsi ya kukokotoa, si tatizo, kwa kuwa kitabu wazi kinaruhusu kutafuta njia. Ukipata jibu, rudi hatua ya 3.

Jaribio la pili ni la mwenzako asiyefundisha somo lako. Mpe notisi zako na swali. Akipata zaidi ya nusu ya alama, swali linapima busara ya kawaida na halipimi somo. Mara nyingi kinachovuja ni kipengele cha ushauri. Kwetu sisi (a) ndiyo inayoziba, kwa sababu lazima ujue gharama ya kusubiri inaingia sehemu mbili, kwenye pesa na kwenye uzito. Asiyesoma husahau uzito.

La tatu ni lako. Jibu swali lote kwa mkono, kwa sentensi kamili, ukiangalia saa. Muda wako uzidishe mara tatu, ndio muda wa mwanafunzi. Nikilijibu kwa dakika 15, nawapa 45. Usiwape zaidi kwa sababu wana vitabu. Muda wa ziada huishia kwenye kupekua.

Hatua ya 8: Badilisha namba kulingana na namba ya usajili

Simu zikiruhusiwa, ujumbe utapita. Njia rahisi ni kubadilisha mstari mmoja wa jedwali kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya usajili:

- 0 hadi 3: bei ya leo ni Sh 2,050. Bei inayotakiwa ni karibu 2,091.
- 4 hadi 6: bei ya leo ni Sh 2,130. Bei inayotakiwa ni karibu 2,172.
- 7 hadi 9: bei ya leo ni Sh 2,210. Bei inayotakiwa ni karibu 2,253.

Wanafunzi wapewe tarakimu na bei ya leo tu, bei inayotakiwa ni yako. Na usichague namba ovyo. Kundi la kwanza linaona bei inaporomoka. La pili linaona mporomoko umepungua kasi. La tatu linaona bei imeanza kupanda, lakini ili kusubiri kulipe, mnada ujao lazima uzidi bei zote za msimu, hata ile ya 2,240. Mgongano unabaki kwa kila kundi, ila sababu zinatofautiana, na jibu lililotumwa kwa simu litajionyesha lenyewe.

Ukikwama

*Wanalalamika kuwa swali halipo kwenye notisi.* Hili ni la kutarajia mtihani wa kwanza. Wiki mbili kabla, wape kisa kidogo cha mfano kuhusu zao jingine, ufuta kwa mfano, na mkijibu pamoja darasani pamoja na mwongozo wake. Wakishaona jibu la mdesaji likipata sifuri ubaoni, watabadilisha namna ya kujisomea.

*Karibu wote wametoa ushauri mmoja.* Jedwali lako linaegemea upande mmoja. Angalia kama kuna angalau mistari miwili inayovuta upande wa pili. Kama mtihani umeshapita, sahihisha (b) kwa kuangalia zaidi jinsi walivyoishughulikia ile taarifa inayopinga, tofauti zao zitaonekana hapo.

*Hesabu ni sahihi, ushauri hauigusi.* Mwanafunzi anapata 2,091 vizuri, halafu kwenye (b) anaandika kana kwamba namba hiyo haipo. Mara nyingi ni kosa la mtungaji. Ongeza kwenye (b) maneno "ukitumia jibu lako la (a)". Na aliyekosea (a) lakini akatumia vizuri namba yake yenye kosa, mpe alama zake za (b).

*Wengi hawakumaliza.* Angalia karatasi zao walikoishia. Wakiwa wameishia (d), punguza kipengele. Wakiwa wameandika ukurasa mzima wa utangulizi kuhusu historia ya ushirika, tatizo ni mazoea, na maelekezo ya juu ya karatasi yaseme wazi: utangulizi hauna alama.

*Swali limeshakuwa desa.* Kisa kikitoka nje ya chumba, mwaka unaofuata kitakuwa kinauzwa stesheneri pamoja na majibu. Kubadilisha namba tu hakutoshi, kwa sababu watakariri njia. Badilisha kinachofanya uamuzi uwe mgumu: ondoa meli, weka mbanguaji wa ndani anayetaka tani 20 tu lakini kwa bei nzuri. Sasa wanachama wanaamua wagawe mzigo au wauze wote pamoja, na hesabu ya mwaka jana haiwafikishi.